Majibu ya "tiki yote yanayohusika": uyatenganishe na Kobo, fomula ya Excel au pandas?

Kama umewahi kufanya dodoso la kaya unalijua hili swali: "Mnapata wapi maji ya kunywa? Tiki yote yanayohusika." Mtu anatiki bomba, anatiki na boza, sasa ukifungua faili unakuta vyote viwili vimekaa kwenye seli moja vimetenganishwa na mkato. Bosi anataka kujua kaya ngapi zinatumia boza na pivot table haikusaidii, kwa sababu kwake "Bomba, Boza" ni jibu moja na "Boza" peke yake ni jibu lingine kabisa. Dawa yake inajulikana, kila chaguo lipate kolamu yake, 1 kama limetikiwa na 0 kama halijatikiwa, halafu unajumlisha. Njia za kufika hapo ziko kadhaa na hazikupi matokeo sawa, ndiyo maana nimekaa kuziweka tatu pamoja.

Nitatumia kaya nane tu ili hata wewe uhesabu kwa vidole uone nani kasema kweli:

```
kaya  vyanzo
1     Bomba, Boza
2     Bomba la jirani
3     Kisima, Mvua
4
5     Bomba la jirani, Maji ya chupa
6     Bomba, Mvua, Maji ya chupa
7     Kisima
8     Bomba la jirani, Boza
```

Machaguo ni sita. Ukihesabu kwa macho, Bomba ni 2 (kaya ya 1 na ya 6), Bomba la jirani 3, halafu Kisima, Mvua, Boza na Maji ya chupa kila moja 2. Jumla tiki 13. Naomba vitu viwili uvishike kichwani mpaka mwisho maana njia zote tatu nazipima kwa hivyo: kaya ya 4 ambayo haikujibu, na hilo "Bomba" ambalo limo ndani ya "Bomba la jirani".

Kabla ya hizo tatu nitoe kwanza ile ambayo wengi wanaikimbilia, yaani Text to Columns ya Excel au SPLIT ya Google Sheets. Hiyo inakata seli vipande kwa kufuata nafasi ya jibu, haiangalii ni chaguo gani, kwa hiyo kolamu ya kwanza utakuta Bomba, Kisima na Bomba la jirani wote wamo kwa sababu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwenye seli yake. Hapo bado huna cha kujumlisha, umepata tu fujo ileile imetandazwa kwa upana. Na SPLIT ina mtego mwingine, ukiiambia ikate kwa ", " yaani mkato na nafasi, yenyewe isipoambiwa vingine inachukua kila alama peke yake, inakata kwenye mkato na inakata kwenye nafasi pia, "Bomba la jirani" inatoka vipande vitatu. Hii tuiache.

Kobo: usitenganishe kabisa, iombe ikupe ikiwa tayari

Kama data ilikusanywa kwa KoboToolbox na swali lilikuwa la aina ya select_multiple, kazi imeshafanyika kabla hujaanza. Ukienda kudaunlodi kuna sehemu imeandikwa "Export Select Many questions as…" na hapo unachagua "Separate columns", au "Single and separate columns" kama unataka na ile kolamu ya pamoja kwa ajili ya kuhakiki. Mi huchukua hiyo ya pili. Kwenye format chagua "XML values and headers", kolamu zitakuja na majina kama vyanzo/bomba, vyanzo/bomba_jirani, na ndani yake 1 na 0.

Uzuri wake mkubwa kwangu sio hata kuokoa muda. Ni kwamba hapa hakuna anayetafuta maneno ndani ya maneno, kila chaguo lina jina lake kwenye fomu na Kobo inajua lilitikiwa au halikutikiwa, kwa hiyo lile tatizo la bomba na bomba la jirani halipo. Kaya ya 4 nayo inakuja tupu kwenye kolamu zote sita, haiji na sifuri, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa maana sifuri inasema "tulimuuliza, akajibu, na hili hakulitiki" wakati yeye hakujibu kitu. Ni hivyohivyo kwa swali lililorukwa na skip logic, kaya ambayo haikuulizwa haiwezi kuhesabiwa kama imesema hapana. Sasa kuna watu wakiona seli tupu mikono inawasha, wanachagua kolamu yote wanajaza 0 ili faili lipendeze. Tafadhali usifanye hivyo, nitakuonyesha chini hasara yake.

Kobo inakwama sehemu mbili. Ya kwanza ni pale ulipobadilisha fomu katikati ya kazi. Tuseme wiki ya kwanza chaguo liliitwa jirani, wiki ya pili mtu akaona halieleweki akaliita bomba_jirani, hayo kwa Kobo ni machaguo mawili tofauti na utapata kolamu mbili kila moja na nusu ya hesabu, inabidi uziunganishe mwenyewe. Na kama chaguo limeongezwa baadaye, mfano maji ya chupa yameingia kwenye toleo la pili la fomu, kaya za toleo la kwanza hazikupewa nafasi ya kulitiki, kwa hiyo kwenye kolamu ile ziache tupu hata kama faili limekuletea 0.

Ya pili ni ukiwa tayari umedaunlodi kwa lebo na kwa kolamu moja. Kobo inatenganisha majibu kwa nafasi, sio kwa mkato, ndiyo maana majina ya machaguo kwenye XLSForm hayaruhusiwi kuwa na nafasi. Ila lebo zina nafasi, kwa hiyo unapata "Bomba la jirani Maji ya chupa" na hakuna kitu kinachokuonyesha jibu moja limeishia wapi na lingine limeanzia wapi. Usihangaike na faili hilo, rudi udaunlodi upya.

Fomula: kwa data ya Google Forms na idadi ndogo ya machaguo

Google Forms haina msaada huo. Swali la checkboxes linaingia kwenye shiti seli moja, mkato na nafasi katikati, basi. Hapa watu wengi wanaandika fomula ya kutafuta neno, na kwa kweli ni njia nzuri, shida ni jinsi inavyoandikwa. Majibu yako kolamu B, majina ya machaguo umeyaandika C1 mpaka H1, halafu mtu anaweka hii:

```
=--ISNUMBER(SEARCH(C$1,$B2))
```

Inafanya kazi, inatoa 1 na 0, inaonekana safi. Ijaribu kwenye kaya zetu nane, Kisima inatoka 2, Boza 2, kila kitu sawa, halafu Bomba inatoka 5. Tano! Kwa sababu kaya ya 2, ya 5 na ya 8 zimeandikwa "Bomba la jirani" na ndani yake neno Bomba lipo, fomula imelikuta ikaweka 1. Hili kosa ni baya kuliko mengine kwa sababu halipigi kelele, hakuna seli nyekundu, hakuna #VALUE!, na namba yenyewe inaaminika. Mimi nimewahi kukaa na ripoti ya mradi wa maji wiki nzima nikijiuliza mbona kaya nyingi hivi zina bomba nyumbani wakati mtaa wenyewe tuliutembea na tuliona foleni za madumu, kumbe ni hii. Tuliokolewa na mhojaji mmoja aliyeikataa ile namba kwa sababu alikuwa anawakumbuka watu aliowahoji.

Dawa ni kuzungushia uzio. Weka mkato na nafasi mbele na nyuma ya jibu zima, halafu tafuta chaguo likiwa nalo limezungushiwa mkato na nafasi, ili "Bomba" ikubalike tu ikiwa imesimama peke yake:

```
=IF($B2="","",--ISNUMBER(SEARCH(", "&C$1&", ",", "&$B2&", ")))
```

Buruta kulia mpaka H, buruta chini, Bomba inarudi 2. Na ile IF ya mwanzo ndiyo inayomlinda kaya ya 4, seli yake ikiwa tupu na kolamu zake zote zinabaki tupu. Kama kompyuta yako inakataa fomula, huenda mpangilio wake unataka nuktamkato, badilisha mikato inayotenganisha sehemu za fomula lakini ile iliyo ndani ya alama za nukuu usiiguse. Waliotumia Microsoft Forms wao majibu yao yanatenganishwa na nuktamkato bila nafasi, kwa hiyo uzio wao ni ";" badala ya ", ".

Kuna jambo moja ambalo fomula inafanya vizuri kuliko hata pandas na watu hawaliongelei. Tuseme kwenye fomu uliandika chaguo "Maji ya kununua (boza, maguta)". Mkato uko ndani ya lebo yenyewe. Njia yoyote inayokata kwenye mkato italipasua chaguo hilo vipande viwili, lakini fomula haikati, inatafuta lebo nzima kama ulivyoiandika pale juu, kwa hiyo inalipata vizuri bila shida.

Udhaifu wake ni kwamba inaona kile tu ulichoiambia ikitafute. Mtu akitiki "Nyingine" kwenye Google Forms na kuandika "mtoni", hilo neno linaingia moja kwa moja ndani ya seli pamoja na mengine, na fomula inalipita kimya kwa sababu hakuna kolamu ya mtoni. Na kwa dodoso lenye maswali 12 ya namna hii kila moja na machaguo 10, utakuwa na kolamu 120 za fomula na vichwa 120 ulivyochapa kwa mkono, nafasi moja ya ziada mwisho wa kichwa na kolamu nzima inakuwa sifuri. Ukiona kolamu ina sifuri tupu, kabla hujasema hakuna aliyechagua, angalia kichwa kwanza.

pandas: maswali yakiwa mengi, au data itarudi tena mwezi ujao

Kwa anayejua Python kidogo kuna amri moja inafanya kazi yote, str.get_dummies. Inasoma kolamu nzima, inakusanya yenyewe machaguo yote iliyoyakuta na kulitengenezea kila moja kolamu:

```python
d = df["vyanzo"].str.get_dummies(sep=", ")
print(d.sum())
```

Kwenye kaya zetu inatoa Bomba 2 na Bomba la jirani 3 bila kuambiwa kitu, maana inalinganisha jibu zima na sio kipande cha neno. Kwa mtihani wa bomba imepita. Kwa mtihani wa kaya ya 4 imefeli, na hapa ndipo walionaswa ni wengi: seli tupu inageuzwa kuwa sifuri kwenye kolamu zote. Hakuna onyo lolote. Kwa hiyo ni juu yako kumrudisha kaya ya 4 kwenye utupu wake:

```python
chaguzi = ["Bomba", "Bomba la jirani", "Kisima",
           "Mvua", "Boza", "Maji ya chupa"]
d = d.reindex(columns=chaguzi, fill_value=0).astype("Int64")
d.loc[df["vyanzo"].isna()] = pd.NA
```

Ule mstari wa reindex una kazi yake pia. Kama kwenye kata fulani hakuna hata kaya moja iliyotiki Mvua, get_dummies haitatengeneza kolamu ya Mvua kabisa kwa sababu haijawahi kuiona, ukija kuunganisha kata mbili moja ina kolamu sita nyingine tano. reindex inahakikisha sita zipo daima, na isiyotikiwa inapata 0. Ila angalia, inatupa pia kila kolamu ambayo haiko kwenye orodha yako, kwa hiyo ile print ya juu usiiruke, isome kwanza. Pale ndipo utakapoona "mtoni", utaona "bomba" kwa herufi ndogo imekaa kolamu yake mbali na "Bomba" kama data ilichapwa na watu, utaona "Maji ya kununua (boza" na "maguta)" zikiwa kolamu mbili kama lebo ilikuwa na mkato. Fomula inakuficha haya, pandas inakuanikia yote mezani, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuitumia hata kwenye dodoso dogo ambalo fomula ingetosha. Pia sep iandike na nafasi yake, ukiweka "," peke yake utapata " Boza" yenye nafasi mbele, na kwa pandas hilo ni chaguo tofauti na "Boza".

Sasa hasara ya kaya ya 4

Kaya nane, saba zimejibu, mbili zinatumia bomba. Kwa wastani wa kolamu, 2 kwa 7 ni asilimia 29. Ukijaza 0 kwa kaya ya 4, ni 2 kwa 8, asilimia 25. Kwenye kaya nane tofauti inaonekana ndogo, lakini fikiria swali ambalo kwa skip logic nusu ya watu hawakuulizwa, kila asilimia yako inakatwa nusu na hakuna namba hata moja kwenye jedwali itakayokuonyesha kuna tatizo. Ukiacha tupu, AVERAGE ya Excel inaruka zile seli yenyewe na d.mean() ya pandas nayo inaziruka, kwa hiyo huna haja ya kutafuta idadi ya waliojibu pembeni. Na ukiona asilimia zako sita zinajumlishwa zinafika 186 usishtuke wala usizigawe zirudi 100, tiki 13 kwa watu 7 lazima zizidi mia, andika tu chini ya jedwali kwamba mtu aliruhusiwa kuchagua zaidi ya moja.

Njia yoyote utakayochagua ihakiki hivi. Idadi ya tiki kwenye data ghafi ni mikato yote ukijumlisha na idadi ya waliojibu, kwetu mikato 6 na waliojibu 7, yaani 13. Mikato unaihesabu hivi, na kwa kolamu ya pamoja ya Kobo hesabu nafasi badala ya mikato, yaani weka " " mahali pa ",":

```
=SUMPRODUCT(LEN(B2:B9)-LEN(SUBSTITUTE(B2:B9,",","")))
```

Kisha jumlisha zile 1 zote kwenye kolamu zako. Zikija 13 uko salama. Ile fomula ya kwanza isiyo na uzio inatoa 16, umezidisha, maana yake kuna neno limo ndani ya neno. Ikitoka pungufu, 12 au 11, kuna jibu halijapata kolamu, mara nyingi ni "Nyingine" au kichwa kilichokosewa. Kama lebo zako zina mikato ndani hesabu hii itakudanganya, ondoa kwanza hiyo mikato kwa SUBSTITUTE.

Kwa hiyo mi nachagua hivi. Data iko Kobo, chukua kolamu kutoka Kobo, hata kama wewe ni mtaalamu wa Python hakuna sababu ya kurudia kazi. Google Forms, swali moja au mawili na mtu atakayepokea faili ni wa Excel, weka fomula yenye uzio, naye ataweza kubonyeza seli akaona namba imetoka wapi, na hilo lina thamani kwa sababu skripti yako yeye hawezi kuifungua. Maswali yakizidi matatu hivi au dodoso linarudiwa kila mwezi, pandas, mradi ile mistari ya reindex na pd.NA isikosekane.

Na kama dodoso ni la karatasi na bado hujaanza kuingiza data, usimwambie anayeingiza aandike "1,3,6" kwenye seli moja ili uje kutenganisha baadaye. Namba 1 imo ndani ya 10 na 11 kama bomba lilivyo ndani ya bomba la jirani, na mwingine ataandika 1/3 na Excel itaigeuza tarehe. Mtengenezee kolamu sita tangu mwanzo aingize 1 na 0, na karatasi ambayo swali halikujibiwa aziache zote sita tupu.